Maji Vuguvugu ya Mama Yetu

Mama yetu alipokubali kuhama Beni na kuja kwangu Butembo, alitoa sharti moja tu. Hakuulizia chumba wala kitanda. Aliulizia maji.

«Papa,» aliniambia kwenye simu, maana kwake kila mtoto wa kiume ni papa hata akiwa bado analia, «uko Butembo kuko baridi. Mi sitaoga maji ya baridi. Kama hakuna maji ya moto, uniache hapa na magulu yangu.»

Magulu, yaani miguu yake, yalikuwa yamevimba tangu msimu wa mvua uliotangulia. Baba alikuwa amekwisha kulala chini ya udongo, dada zangu wameolewa, na nyumba yetu ya Beu, mtaa wa Beni, ilibaki na mama peke yake, mlango mmoja mbele na mlango mmoja nyuma. Zile siku watu wa mashamba ya kuelekea Oicha walikuwa wanakimbia vita, wanaingia mjini na magodoro kichwani. Kila usiku simu yake ikikawia kushika, mimi nilikuwa nazunguka mezani kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kwa hiyo nikasema: maji ya moto yatakuwepo.

Niseme ukweli kuhusu mimi. Mimi ni mtu wa nyumba. Nilimaliza masomo ya sekondari, nikanunua mashine ya kushona, nikaiweka karibu na dirisha, na tangu hapo nimeiona dunia kupitia lile dirisha. Watu wa avenue yetu wakinikuta njiani huuliza kama kuna kilio. Lakini kwa ajili ya mama nilitembea mpaka mjini kati na kurudi na dushi ya umeme, ile ya kichwa kikubwa cha plastiki nyeupe, ambayo maji huingia baridi juu na kutoka moto chini bila tangi la kupashia.

Aliyeifunga ni shemeji, mume wa dada yangu mkubwa. Ni fundi wa umeme na anajua kuwa ni fundi. Akifunga taa moja tu hukaa chini yake kidogo ili apongezwe. Alijenga nguzo ya matofali nyuma ya nyumba, akapandisha juu yake pipa la plastiki, akashusha bomba, akapitisha waya nene tatu mpaka bafuni. Karibu na mlango wa jikoni alifunga kisanduku chenye vifaa viwili: disjoncteur ya dushi, swichi inayojikata mzigo ukizidi, na kando yake différentiel, inayojikata umeme ukitoroka, ile yenye kifungo kidogo cha kujaribia.

«Shemeji,» alisema akipangusa mikono, «sasa mama mukwe ataoga kama mugeni wa hoteli.»

Mimi mwenyewe sikuoga pale. Umeme na maji juu ya kichwa changu, hapana. Mke wangu naye alisema aliolewa na mshonaji, hakuolewa na radi. Tuliendelea na ndoo yetu na mbabula yetu ya makaa. Mama, mwenye miaka yote ile, ndiye aliyekuwa shujaa wa nyumba.

Wiki za kwanza zilikuwa nzuri, na hizo ndizo ninazozikumbuka leo ninaposikia maji yakianguka popote. Jioni nilikuwa napanda ngazi na bidon, yale madumu ya maji ya kisima, moja moja, nazimimina kwenye pipa. Mama alikaa chini kwenye kiti kifupi katikati ya zile bidon, anafungua kifuniko cha kila moja, anachungulia, anafunga. Nilidhani anatafuta wadudu. Huku ananicheka.

«Panda, papa, panda! Baba yako alikuwa anapanda muti ya mugazi na gunia mbili. Weye na bidon moja unapumua kama trakta.»

Halafu anaingia kuoga, na kupitia ukuta tunasikia anaimba wimbo wa kanisa wa Kinande, mstari wa kwanza tu, kwa sababu mingine aliisahau. Mvuke ulitoka juu ya mlango. Ule mvuke ulinirudisha Beu, nyuma ya nyumba yetu, kwenye uzio wa mabati ya zamani ambao ndio ulikuwa bafu. Mama alikuwa anachemsha sufuria kubwa juu ya mafiga, anatia majani ya eucalyptus, anatuita kwa zamu kuanzia mdogo. Baba, akitoka kwenye shamba la kakao, ndiye wa mwisho. Yeye alikuwa na beseni lake peke yake, na sisi tulikatazwa kugusa hayo maji. Tulikuwa tunanuka moshi na majani mpaka darasani. Leo nikipita mahali wanapochoma majani ya eucalyptus nasimama kidogo, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Navaa ndala.

Basi maji yakaanza kupoa. Siku moja moja baridi kabisa, siku nyingi vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Tukasema ni courant: jioni kila nyumba inapika, umeme unachoka. Hapa kwetu umeme huchoka kama mtu, na hakuna anayeshangaa. Nikamwambia mama aoge asubuhi. Asubuhi ikawa vilevile. Kisha ikaja mbaya zaidi: anafungua maji, anaanza kuimba, halafu kwenye kisanduku tunasikia tak, na mama anapiga kelele kwa Kinande maneno ambayo si ya wimbo wa kanisa.

Nilikuwa nakimbia kupandisha kile kifaa. Kinakaa kidogo, kinaanguka tena. Napandisha. Kinaanguka. Mke wangu alisema: «Unakipandisha kama unasalimia wakubwa.»

Siku ya Jumatano mama akatoka bafuni na sabuni bado masikioni, akatangaza.

«Siku ya posho, Jumamosi, dereva wa kanisa letu anakuja kuleta watu ya Beni hapa, na anarudia. Kama mpaka pale sijaoga maji ya moto, mi napanda gari yake.»

«Mama, uko utaishi na nani?»

«Na nyumba yangu. Nyumba hainidanganyi.»

Hakuwa anatania. Kesho yake nikaona kitenge chake kimefungwa fundo, na viatu juu ya fundo.

Jirani yangu wa kulia, mtu mwenye dawa ya kila kitu, alinipa ushauri juu ya ukuta. «Ni ile waya ya kijani na njano. Ikate tu. Kwangu nilikata, hakuna kitu kinaangukaka tena.» Niliona ni wazo la akili. Jumamosi asubuhi nilikuwa nimesimama bafuni juu ya kigoda, koleo mkononi, mbele ya ile waya, shemeji akaingia.

«We! Unatahiri nani?»

Nikamweleza. Alininyang'anya koleo kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

«Sikiliza, shemeji. Ndani ya hii kichwa kuna résistance, waya ya kupasha moto, na iko uchi ndani ya maji. Courant ikitoroka ku maji, hii waya ya kijani inaikamata na kuipeleka ku udongo. Différentiel inaona kuna ingine imepotea njiani, inakata. Ukikata ya kijani, courant itatafuta njia ingine ya kufika ku udongo. Na nani anasimama pale chini, magulu ndani ya maji?»

Nilishuka kigodani. Nje, gari la dereva lilikuwa limekwisha kuingia uani. Dereva, shemasi mnene mwenye kofia, alipewa chai na mke wangu, akasema anangoja abiria wawili wamalize soko, kisha wanaondoka. Mama alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti kifupi, kitenge cha safari mapajani.

Shemeji alianza kusoma ile hitilafu, na hapo ndipo shida yetu ya pili ilionekana. Kwetu mkwe mume hamkabili mama mkwe kwa maneno ya bafuni. Hawezi kumwuliza anaogaje, anasimama wapi, anajipaka nini. Kwa hiyo kila swali lilipitia kwangu, ingawa mama alikuwa hatua chache tu, mlango wazi, na anasikia kila kitu.

«Shemeji, uliza mama: robinet ya maji anafungua yote ao kidogo?»

«Mama, unafungua robinet yote ao kidogo?»

«Mwambie shemeji yako, kidogo. Maji si ya kumwaga. Mi nililea batoto saba na bidon.»

«Amesema kidogo.»

«Nimesikia,» alisema shemeji, akitazama dari kwa heshima. Akafungua robinet kidogo kama uzi. Maji yakatoka kimya. Akafungua zaidi, na ndani ya kichwa cha plastiki kikalia kitu, kama mtu aliyevunja kijiti. «Unasikia? Kuna mpira mwembamba ndani, maji ikisukuma na nguvu inafunga contact, na courant inaingia. Maji ikiwa ya uzi haisukumi, donc haipashi. Siku za baridi kabisa, sababu ni hiyo. Sasa tazama taa ya koridoo.»

Taa ilikuwa imefifia kidogo sana. «Courant iko inakuliwa. Contact ni muzima. Na courant ya mji ni muzima, taa ilikuwa inawaka vizuri. Weka mukono.»

Niliweka mkono kwa woga wote wa familia yetu. Vuguvugu. Na wakati huohuo, jikoni: tak.

Tulikwenda kwenye kisanduku. Shemeji alinyoosha kidole kama mwalimu. Disjoncteur ilikuwa imesimama. Iliyoanguka ni différentiel tu.

«Kama waya zingegusana, ao mzigo ungekuwa mzito, hii ingine njo ingeanguka. Imesimama. Donc ni kutoroka.» Akapandisha. Maji yakiwa yamefungwa, haikuanguka. Akageuza kitufe cha dushi kwenye baridi, akafungua maji yote: haikuanguka. Akarudisha kwenye moto: tak. «Waya za ukuta hazina shida. Ugonjwa uko ku résistance.»

Dereva aliita kutoka uani: «Mama, abiria mumoja amefika.»

Mama akavaa kiatu kimoja. Nakumbuka vizuri kile kiatu kimoja, cheusi, na mguu wa pili ukiwa wazi, umevimba, juu ya sakafu baridi. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyekuwa natazama.

«Shemeji, haraka,» nilisema.

«Umeme haupendi haraka.» Alishusha disjoncteur, akagusa waya na kipimo chake kuhakikisha zimekufa, akafungua kichwa cha dushi na kumwaga maji yake. Ndani kulikuwa na nyuzi mbili zilizojisokota kama nywele za mtoto aliyesukwa. «Hizi mbili zinafanya kazi pamoja ukiweka ku moto.» Akapima moja: kipimo kikaonyesha ishirini na kitu. Akapima ya pili: hakuna. Ilikuwa imekatika, na ncha iliyokatika imeinamia upande wa kile kipande cha chuma ambacho waya ya kijani hukishika.

«Unaona mambo yote mbili? Moja imekufa, ingine iko inafanya kazi peke yake, njo maana vuguvugu. Na hii ncha, maji ikipita inaisukuma karibu na terre, hii chuma ya udongo, courant inarukia kule. Njo maana inaanguka.»

Alijaribu pia kupima kutoka ule uzi hadi kile chuma, ukiwa mkavu. Kipimo hakikuonyesha kitu. «Ukiwa mukavu ni mutakatifu. Ndani ya maji njo unatenda zambi.»

Nilitaka kukimbia kununua résistance mpya, lakini yeye hakuinuka. Alikuwa anakitazama kile chuma cha terre. Kilikuwa na ukoko mweupe, na skurubu za pembeni zimekuwa kijani. Akakwaruza kwa ukucha, akanitazama, akalamba.

«Shemeji,» alisema polepole, «hii haijakatika juu ya uzee. Hii imekuliwa. Leta glasi mbili.»

Kwenye glasi moja alitia maji ya pipa. Kwenye nyingine maji ya ndoo yetu, kutoka kisima kilekile. Akatumbukiza ncha za kipimo katika ya kwanza, kisha ya pili, kwa umbali uleule. Ya pipa ilipitisha umeme mwingi zaidi kuliko ya ndoo. Kisha akaninywesha ya pipa. Ilikuwa na chumvi kama mchuzi uliosahauliwa kutiwa sombe, majani ya muhogo.

Mimi na yeye tukageuka kutazama mlango. Mama aligeuka kutazama gari.

«Shemeji,» alisema yeye, sasa akitazama ukuta kabisa, «uliza... uliza kama hapa nyumbani, mu hii parcelle, kuna mutu, simjui ni nani, ambaye alitiaka kitu ku maji.»

«Mama, kuna mutu alitiaka kitu ku maji?»

Dereva aliacha kunywa chai yake.

«Mwambie shemeji yako,» mama alisema, «maji ya magulu haina faida bila chumvi. Kila mutu anajua. Baba yenu alikuwa anarudia mu kakao hawezi kupiga goti, nilikuwa namutilia chumvi ku beseni, asubui anaenda tena. Mulizani anatembea na nini?»

«Na pale... ulitia wapi?»

«Ku bidon! Ukiwa unapanda ngazi na kupumua. Mukono moja, bidon moja.»

Kwa hiyo yale maji tuliyokatazwa kugusa tukiwa watoto yalikuwa ni hayo. Miaka yote nilidhani ni dawa ya siri ya wanaume. Niliwaza beseni la baba, mvuke, mgongo wake uliopinda, na mama aliyepiga magoti akimsugua vifundo vya miguu bila neno, na sisi tukichungulia kwenye tundu la bati.

Shemeji alikuwa na shida kubwa kuliko yangu: hawezi kumgombeza mama mkwe. Alikohoa. «Shemeji, mwambie mama, na heshima yote, dawa ni nzuri. Mais chumvi inafungulia courant mlango. Na inakula résistance. Chumvi ikae ku beseni, mbali na dushi.»

«Nimesikia,» alisema mama. «Na angesema tangu siku ya kwanza kama ile kitu yake haikulaka chumvi. Hata mbuzi inapenda.»

Dereva ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha shemasi, kinachoanzia tumboni. Kisha akasema abiria wa pili yuko njiani.

Sijawahi kupanda pikipiki kwa hiari yangu. Siku ile nilipanda na ndala, utepe wa kupimia nguo shingoni, nikashuka mlima hadi mjini kati nikikumbatia mtu nisiyemjua. Majirani walisimama. Mmoja aliita: «Nani amekufa?» Nikarudi na résistance ya aina ileile, kwa maana shemeji alinipa ile mbovu niionyeshe dukani, hazifanani zote.

Nilipofika, mke wangu na shemeji walikuwa wamekwisha kumwaga pipa, wamelisuuza mara nyingi na kupitisha maji matamu kwenye bomba. Abiria wa pili alikuwa ndani ya gari, na gunia la mboga kati ya miguu. Mama alikuwa amevaa viatu vyote viwili.

«Ngojeni kidogo,» nilimwambia dereva.

«Tangu nimekuja, niko nangoja,» alisema. «Mais mi napenda kuona mwisho.»

Shemeji alifunga nyuzi mpya, akakwangua ukoko, akabadilisha skurubu, akakaza waya ya kijani kwanza. Umeme ukiwa bado umekatwa alifungua maji yote mpaka kichwa kikajaa. «Ukiwasha ikiwa mukavu, inaungua kabla ya kusema amina.» Kisha akapandisha disjoncteur, akabonyeza kile kifungo cha kujaribia, différentiel ikaanguka kama inavyotakiwa, akaipandisha. Akafungua robinet. Kijiti kikavunjika ndani. Taa ikafifia, zaidi kuliko mwanzo. Akaniambia niweke mkono.

Niliuondoa haraka. Hakuna neno zuri kuliko lile nililolitamka, lakini haliandikwi.

«Mama,» niliita, «karibia.»

Aliinuka bila haraka. Alichukua kitenge chake cha safari, akakifungua fundo, akatoa taulo na sabuni, akaacha vingine kwenye kiti. Mlangoni alisimama.

«Mwambie shemeji yako atoke.»

Shemeji alikuwa amekwisha kutoka; alikuwa amesimama nyuma ya gari la dereva, amegeuzia nyumba mgongo.

Wengine walingoja uani, pamoja na abiria wawili wasiojua tunangoja nini. Mimi nilisimama mbele ya kisanduku, macho kwenye vile vifaa viwili. Maji yakaanza. Yalikuwa mengi, ameifungua yote. Tuliyasikia yakipiga mabega yake. Hakuimba. Muda ulipita, hakuna kilichoanguka, na mvuke ukaanza kutoka juu ya mlango. Kisha, kwa sauti ya chini, mstari wa kwanza. Akaurudia. Akaurudia tena, na mke wangu akaongezea wa pili kutoka jikoni, na mama akaupokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Alipotoka alikuwa amejifunga kitenge cha nyumbani, uso unang'aa, na mvuke unamtoka begani. Aliomba beseni. Mke wangu akalijaza maji kutoka dushi, akaliweka mbele ya kile kiti kifupi. Mama akaingiza mkono kwenye pakiti ya chumvi mbele yetu sote, bila kujificha tena, akatia, akakoroga, akatumbukiza miguu. Akafumba macho.

Dereva alijikohoza. «Basi, mama, tunaenda?»

Mama hakufungua macho.

«We enda, mutoto yangu. Na ukifika Beu, pita kwa jirani yangu wa mlango wa nyuma. Umwambie achimbe viazi vyangu, ale na batoto yake. Visiozee mu udongo.»